Tozo ya wese, rodi laisensi au kulipa kwa kilomita? Maswali yanayoulizwa sana hapa Chuga

Kila bei mpya za EWURA zikitoka ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, vijiwe vyote vya Arusha na Moshi vinageuka bunge. Dereva wa Noah anasema anaonewa, mwenye fuso anasema anaonewa, mwenye kagari ka kwendea kanisani nae anasema anaonewa, na wote wanaongea kitu kimoja bila kujua: je hela ninayolipa inaendana na barabara ninayoitumia? Nimekusanya maswali yanayorudi rudi nikayajibu hapa chini. Hesabu za matumizi ya mafuta ni za mfano tu, weka za gari yako uone.

Kwani kuna njia ngapi za kumlipisha mtu barabara?

Kubwa ni tatu. Moja ni ada ya leseni ya gari, hii wote tulikua tunaiita rodi laisensi, unalipa kwa mwaka kwa sababu tu una gari. Pili ni tozo ya mafuta, unalipa kila ukijaza wese, hata risiti ya sheli haikutajii kwamba umelipa barabara. Tatu ni kulipa kwa kilomita ulizotembea, na kwa magari makubwa inapigwa kilomita pamoja na uzito. Ushuru wa forodha, bima, faini za trafiki, hizo ni habari nyingine, tusizichanganye hapa maana watu wakianza kuorodhesha kila walicholipa tangu gari itoke Japani hatutamaliza leo.

Rodi laisensi si ilishafutwa, kwa nini mnaifufua?

Hatuifufui, ila ndio somo zuri kuliko yote kwa sababu sisi wenyewe tumeishi kabla na baada. Bajeti ya 2017/18, aliyoisoma Waziri wa Fedha Philip Mpango, ilifuta ada ya kila mwaka ikabaki inalipwa mara moja tu gari inaposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kufidia lile pengo wakaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Kabla ya hapo ada ilikua inaenda kwa ukubwa wa injini, cc ngapi, basi. Haiulizi umetembea Arusha mpaka Dar kila wiki au gari imekaa juu ya mawe uani kwa fundi tangu mwaka juzi. Na hapo ndipo kilio kilipokua, maana gari bovu nalo lilikua linadaiwa, deni linapanda mwaka hadi mwaka, mtu anakuja kuuza skrepa anakuta deni linakaribia bei ya skrepa yenyewe.

Kwaiyo kwa swali letu la malipo kufuata matumizi, rodi laisensi ndio ya mwisho darasani. Inalipisha kumiliki, sio kutembea.

Baada ya kufutwa nani alipata nafuu na nani aliumia?

Tufanye hesabu. Chukulia gari iliyokua inalipa laki mbili kwa mwaka. Laki mbili gawanya kwa 40 unapata lita 5,000. Yaani ukitumia chini ya lita 5,000 kwa mwaka umepona, ukizidi hapo unalipa zaidi ya zamani.

Sasa chukua mwalimu anaekaa Njiro na kagari kake, kanaenda kilomita 10 kwa lita, mwaka mzima anatembea kilomita 12,000. Hizo ni lita 1,200, mara 40 ni shilingi 48,000. Katoka laki mbili hadi elfu 48, huyo lazima asifie serikali. Alafu chukua Noah inayopiga ruti kutwa, tuseme lita 25 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Lita 7,500 mara 40 ni laki tatu. Huyu kaongezewa laki moja, na hajawahi kuiona popote kwenye karatasi, anaona tu hesabu ya bosi inabana.

Je ni uonevu? Mimi nasema hapana. Noah yuko barabarani asubuhi mpaka usiku, mwalimu yuko barabarani nusu saa. Kama tunataka anaetumia ndio alipe, basi hiki ndicho tulichokua tunakitaka. Na Noah anaweza kuitawanya kwa abiria, mwalimu hana wa kumtawanyia.

Ila kuna kitu watu wanaruka. Ile 40 iliwekwa kwenye ushuru wa bidhaa, na ushuru wa bidhaa unaingia mfuko mkuu wa serikali, sio Mfuko wa Barabara. Kwaiyo upande wa mlipaji malipo yakawa yamefungwa kwenye matumizi, upande wa kazi ya hela hakuna kamba yoyote, inaweza kulipa mishahara inaweza kununua dawa. Tozo ya barabara yenyewe ni mstari mwingine kabisa.

Na mafuta ya taa yaliingiaje, koroboi inatembea barabarani?

Swali zuri na jibu lake ni uchakachuaji. Dizeli ikipanda na mafuta ya taa yakibaki chini, kesho yake kuna mtu anachanganya, injini yako ndio inalipa. Ndio maana ya taa hupandishwa yafuatane na mengine. Lakini ukweli unabaki kwamba mama wa kijijini aliyekua anawasha koroboi alichangia kufutwa kwa rodi laisensi ya mwenye V8. Hapa tayari unaona tozo ya mafuta ina tundu, inafuata mafuta, haifuati tairi.

Tozo ya barabara kwenye mafuta ni shilingi ngapi na inanikata ngapi kwa kilomita?

Mwaka 2015 ilipanda kutoka 263 ikawa 313 kwa lita. Mwaka 2021 ikaongezwa mia, ikawa 413, na ile mia ilielezwa kwamba ni kwa ajili ya barabara za TARURA, zile za vijijini na mitaani. Baadae 2023 ikaja mia nyingine ya miradi mikubwa ya kimkakati, hiyo siihesabu hapa maana hatuongelei reli wala bwawa.

Ukitaka kujua inakukata ngapi kwa kilomita, gawanya 413 kwa kilomita ambazo gari yako inaenda kwa lita moja. Vitz inayoenda 15 inalipa kama shilingi 28 kwa kilomita. Noah ya 9 inalipa 46. Semi trela iliyojaa inayoenda kilomita 2 kwa lita inalipa karibu 207. Bodaboda ya kilomita 40 kwa lita inalipa shilingi 10 na ushee. Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, kwaiyo Vitz ameacha kama 2,200 ya barabara na semi kaacha 16,500.

Kwa magari madogo huu mfumo uko poa kabisa. Ukitembea sana unalipa sana, ukipaki hulipi, na ukusanyaji wake ni rahisi kupita maelezo, hela inachukuliwa kule mafuta yanapoingilia nchini kwa waagizaji wachache, hakuna mtu wa kukukimbiza Kilombero sokoni akiuliza stika iko wapi.

Si semi inalipa mara saba ya Vitz, mnataka nini tena kwa wenye malori?

Hapa ndipo penye utamu, na ndio sababu kubwa ya kuandika yote haya.

Barabara haichoshwi na mafuta, inachoshwa na uzito unaokaa kwenye ekseli moja. Wamarekani walifanya jaribio Illinois kuanzia 1958 hadi 1960, linaitwa AASHO, walijenga barabara za majaribio wakapitisha malori ya uzito tofauti mfululizo mpaka lami ikafa. Walichokiona ni kwamba uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili, unakua mara 16, maana 2 mara 2 mara 2 mara 2.

Wahandisi wanatumia ekseli ya tani 8.16 kama kipimo, hiyo wanaiita moja. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito ya 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele, tani 18 kwenye ekseli mbili za pamoja na tani 24 kwenye tatu za pamoja. Semi ya ekseli sita iliyojaa mpaka mwisho wa sheria, ukipiga kipeo cha nne ekseli moja moja alafu ukajumlisha, inatoka kama 6.7. Vitz yenye nusu tani na kidogo kwenye kila ekseli inatoka sifuri nukta sifuri sifuri sifuri sifuri na kitu. Ukigawanya, semi moja ni sawa na Vitz zaidi ya laki moja. Laki moja! Na tumeona kwenye wese anamzidi mara saba tu.

Na hapo ni semi inayofuata sheria. Sasa aliyezidisha. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikabebeshwa 12, hiyo ni asilimia 20 juu, kipeo chake cha nne ni 2.07. Ameharibu mara mbili, lakini mafuta yake hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka kidogo tu. Kwaiyo tozo ya mafuta haimuoni kabisa anaezidisha mzigo, kinachomuona ni mzani, ndio ule pale Himo na mingine. Ukiona watu wanakwepa mzani usiku au mzigo unashushwa kabla ya mzani unapakiwa tena mbele, jua hapo ndipo hela ya barabara inapovujia, sio kwenye sheli.

Kwaiyo magari madogo hayaharibu kitu, tusilipe?

Hapana, taratibu. Kipeo cha nne kinaongelea kuchoka kwa tabaka za barabara. Kuna gharama ambazo hazijali uzito: mifereji kuziba, mvua za masika kula mabega ya barabara, kukata nyasi, alama, taa, madaraja madogo. Barabara isiyopitwa na lori hata moja nayo inakufa, njoo uone za vumbi za kwenda mgombani juu huko Kibosho au Old Moshi baada ya mvua, maji ndio adui. Hizo gharama tunagawana wote, na ndio sababu 28 ya Vitz sio uonevu. Ila ile sehemu inayotokana na uzito, mwenye Vitz hahusiki nayo hata kidogo.

Mimi nina trekta na pampu ya maji, mbona nalipa barabara?

Unalipa kweli. Jenereta ya hoteli, pampu ya kumwagilia mpunga huko Mabogini, trekta la shambani, wote wanachangia 413 kwa lita kwa barabara ambayo ile injini haikanyagi. Serikali haiwezi kujua lita iliyotoka sheli imeishia kwenye tangi gani, na ukianza kutoa msamaha wa dizeli ya shamba, utashangaa mashamba yatakavyoongezeka ghafla katikati ya mji.

Magari ya utalii nayo yana kesi ya peke yake na naona watu hawaiongelei. Chukua Kruza inayopeleka wageni Serengeti siku nne, tuseme jumla kilomita 900. Kutoka Arusha kupitia Makuyuni na Karatu mpaka geti la Ngorongoro kwenda na kurudi ni kama 320. Zinazobaki zote ni ndani ya hifadhi, ambako njia zinatunzwa na wenye hifadhi na gari inalipiwa getini. Kwa kilomita 6 kwa lita hiyo ni lita 150, tozo ya barabara kama 62,000. Zaidi ya nusu ya hiyo hela imelipwa kwa kilomita ambazo TANROADS hawazigusi. Sisemi kampuni zirudishiwe, wageni wanalipa vizuri tu, nasema kama swali ni malipo kufuata matumizi basi hapa yamepishana njia.

Kulipa kwa kilomita kunafanyikaje, nani ananihesabia?

Waliokaa nayo muda mrefu ni New Zealand, tangu 1978. Na walianza kwa sababu ile ile ya trekta: dizeli yao nyingi ilikua inatumika mashambani na kwenye boti, kwaiyo hawakutaka kuitoza kwenye pampu. Petroli ina tozo ndani ya bei, dizeli haina, mwenye gari ya dizeli ananunua kilomita kabla hajazitembea.

Ananunua vipande vya kilomita elfu moja moja, kama vocha tu. Gari jepesi la mpaka tani 3.5 ni dola 76 za kwao kwa kilomita 1,000. Anapewa stika ya kioo cha mbele inayoonyesha kutoka kilomita ngapi mpaka ngapi, polisi akisimamisha anaangalia stika alafu anaangalia dashibodi, mita ikiwa imepita namba ya stika umekwisha. Wakati wa ukaguzi wa gari mita inasomwa na kuandikwa. Malori yanafungwa mita maalum kwenye kitovu cha tairi, na bei yake inategemea idadi ya ekseli na uzito, kwaiyo kile kipeo cha nne kinaingia kwenye bei moja kwa moja. Mwenye lori akiongeza ekseli mzigo ukagawanyika, bei kwa kilomita inaweza kushuka. Tozo ya mafuta haiwezi kukupa sababu ya namna hiyo hata siku moja, tena ekseli ya ziada inaongeza msuguano, unakunywa zaidi, unalipa zaidi kwa kuharibu kidogo.

Magari ya umeme walikua wameyasamehe, msamaha ukaisha tarehe 31 Machi 2024, sasa nayo yananunua kilomita kwa bei ile ile ya 76.

Hapa kwetu kuna kitu kama hicho au ni ndoto?

Kipo, ila wengi hawajui kwa sababu hawalipi wao. Lori la nje la ekseli zaidi ya tatu linalipishwa kwa umbali, dola 16 kwa kila kilomita 100. Kwa dola ya 2,500 kwa mfano, hiyo ni shilingi 400 kwa kilomita. Ina mantiki, lori linaweza kujaza matangi upande wa pili, likaingia Holili au Namanga, likapita na kutoka bila kununua lita moja ya kwetu. Tozo ya mafuta haimshiki, kilomita zinamshika.

Sasa angalia, semi ya nje 400, semi ya kwetu kwenye wese 207, na zinakanyaga lami moja kwa uzito mmoja. Kwaiyo ukiniambia Tanzania haiwezi kutoza kwa kilomita nakwambia inatoza tayari, imechagua tu nani wa kumtoza.

Basi tuwawekee wote, mpaka bodaboda?

Hapo nakataa. Mita za kilomita hapa ni hadithi. Magari mengi yanaingia yamesharudishwa kilomita, bodaboda nusu yake waya wa mita umekatika siku nyingi, na ukimwambia mtu kila kilomita ni hela fundi wa kurudisha namba atapata kazi kuliko fundi injini. Alafu gharama ya kumfuata bodaboda wa Sakina akulipe shilingi 10 kwa kilomita itakula hiyo 10 yote. Kwa hawa wese linatosha, hailipi kuhangaika.

Malori na mabasi ni kitu kingine. Yako machache, yana leseni za biashara, yana wamiliki wanaojulikana, malori yanapita mizani, na mabasi ya mikoani tayari yana kile kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo. Kifaa kinachojua basi liko wapi na linakimbia ngapi kinajua pia limetembea kilomita ngapi. Kazi iliyobaki ni uzito na utashi.

Mtu akisema tozo ya wese inatosha kwa wote, tumjibu nini?

Mwambie asubiri magari ya gesi na umeme yaongezeke. Bajaji ya umeme inakanyaga barabara ya Sokoine kama bajaji nyingine, kwenye tozo ya barabara inalipa sifuri. Kwenye bajeti ya 2024/25 serikali ilipendekeza shilingi 382 kwa kilo ya gesi inayotumika kwenye magari, na kelele zilikua nyingi kwa sababu watu walikua ndio kwanza wamefunga mitungi. Gesi bado unaweza kuitoza kwenye pampu yake. Umeme wa kuchajia nyumbani utautozaje, unatoka kwenye soketi ile ile ya pasi na friji. Huko rodi laisensi inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma, ada ya mwaka kwa gari la umeme, na tutarudi kule kule kwa kumlipisha mtu kumiliki.

Sasa wewe unachagua ipi?

Gari dogo, bajaji, pikipiki: wese. Lori na basi: kilomita mara uzito, kwa wa ndani na wa nje sawa, na tozo yao ya wese irudishwe ili wasilipe mara mbili. Ukiacha hiyo ya kurudisha, nauli na bei ya saruji zitapanda kabla hujamaliza kusoma tangazo, maana mwenye lori hakai na gharama, anaisukuma. Rodi laisensi ibaki pale ilipo, mara moja wakati wa kusajili.

Nitajuaje kwenye lori langu ipi inanifaa?

Chukua daftari la safari, sio la kichwani. Andika kilomita za mwezi, lita za mwezi, na karatasi za mzani. Lita mara 413 ndio unacholipa sasa kwa barabara. Alafu gawanya kwa kilomita. Ukikuta uko chini ya 200 kwa kilomita na karatasi zako za mzani kila mara zinagusa mwisho, wewe ndio unaebebwa na wenye Vitz, na siku wakianza kilomita kwa uzito utalia. Ukikuta nusu ya safari zako unarudi mtupu kutoka Tanga, unalipa wese la kwenda na la kurudi wakati lori tupu haliharibu chochote cha maana, basi mfumo wa uzito halisi ungekupunguzia. Ila wa New Zealand hauwezi kukusaidia hapo, wao unanunua daraja la uzito kabla, unalipa vile vile hata ukirudi mtupu.